Povu Chini ya Gundi

Laurent alikuwa ameinamia baiskeli yake, akirudisha mnyororo, harufu ilipomfanya anyanyue kichwa. Haikuwa ya kuni, wala ya maharagwe yaliyoshika chini. Ilikuwa ya plastiki, kali, ya kukwaruza koo. Moshi mweusi ulikuwa unatoka juu ya mlango wa jiko, na mkewe Marie akatoka nao, kitenge kimeziba pua, sufuria mkononi.

Aliingia mbio na ndoo ya maji. Kwenye pembe ya ukuta wa udongo, juu kidogo ya mafiga, kitu cha njano kilikuwa kinawaka na kudondosha matone ya moto. Alikizima, akamwagia na mchanga, kisha akabaki kukitazama. Lilikuwa povu, lile la makopo ambalo mafundi wa madirisha hupulizia pembeni mwa fremu likavimba na kukauka.

"Nani alitia hii kintu hapa?"

"Uliza shemeji yako," Marie alisema akikohoa. "Alisema ananifungia panya. Amenifungia panya, akanifungulia moto."

Déo, mdogo wake Marie, alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Alikuwa amefika Juru jana yake kutoka Mbarara, na mkate, na sabuni, na habari njema kwamba kazi imekwisha. Laurent alifurahi mno kuisikia habari hiyo, maana wiki nzima ilikuwa imemkalia vibaya. Alikuwa amelazimika kuacha kazi na kurudi hapa Juru, kambi ya wakimbizi, kuweka vidole kwenye mashine ya uhakiki, kwa kuwa asiyefika mwenyewe jina lake hufutwa na familia hukosa chakula. Siku ya kwanza mashine ilikataa. Siku ya pili ikakubali vidole vya watu wote isipokuwa vyake. Mikono ya fundi haina alama, walimwambia, kaoshe urudi kesho. Ilimkubali mwisho wa wiki. Muda wote huo matundu yaliyobaki kule Mbarara yalikuwa mikononi mwa Déo.

Na matundu ndiyo kazi yenyewe. Katika kambi ya jeshi pembeni mwa Mbarara lilikuwa linajengwa jengo la ghorofa la familia za askari. Ukuta kati ya koridoro na nyumba umejengwa uzuie moto kwa saa nzima, ili anayelala ndani apate muda wa kutoka na watoto wake. Baada ya hapo huja fundi umeme na fundi bomba, kila mmoja anautoboa apitishe vitu vyake, na ukuta unabaki kama chujio. Laurent huja nyuma yao wote. Pale bomba la plastiki linapopita sakafuni, hufunga chini yake pete ya chuma yenye kitu ndani kinachovimba kwa joto na kulikaba bomba linapoyeyuka. Penye nyaya ukutani hushindilia pamba ya mawe, ile isiyoungua, kisha huziba pande zote mbili kwa gundi nyekundu ya kuzuia moto, akiipitisha hadi katikati ya waya na waya. Pete alikuwa amezimaliza. Zilibaki baadhi ya nyaya za koridoro, na Jonan, msimamizi wa kazi, alikuwa anazingoja.

"Déo. Hii povu ulitosha wapi?"

"Ku kazi. Ilibakiaka."

"Ilibakia ku nini?"

Déo akakaa kitako, akijifuta uso. "Gundi ilikuwa inaisha, yaya," alisema, kwa neno lao la kaka mkubwa. "Jonan akanipatia makopo ya bale bantu ba madirisha. Nikajaza matundu yenye ilibakia, nikapakaa gundi kidogo kule juu. Iko muzuri. Hauwezi jua."

"Hauwezi jua," Laurent alirudia. "Na pamba ya mawe? Tuliacha magunia."

"Ile inawasha mikono."

"Matundu gani?"

"Ya koridoro. Ya juu, na ya chini pia, zingine." Déo aliangalia pembeni. "Sikumbuke zote. Nilikuwa nakimbia juu yako, yaya. Jonan alisema ukirudi ukute haijaisha, atatafuta muntu mwingine. Ungependa nimwachie kazi yako? Na tundu ni tundu. Hapa tunafunga na udongo, tunalala."

Laurent alitaka kumpiga kofi. Tatizo ni kwamba kijana alikuwa anasema kweli yake yote. Alifanya kwa upendo, na kwa upendo huo huo alikuwa amemchimbia kaburi.

"Na vibandiko?" aliuliza. Kando ya kila tundu lililofungwa hubandikwa kipande cha plastiki chenye aina ya gundi na jina la aliyefunga.

"Nilibandika vyako. Mie siko na vyangu."

Marie alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria yake. Alikwangua kipande cha povu jeusi kilichoshika ukutani, akakirusha miguuni mwa mdogo wake.

Jumatatu asubuhi Laurent na Déo waliingia getini Mbarara. Uani kulikuwa na magodoro yaliyofungwa kamba, masufuria, kuku kwenye kapu. Natukunda, mke wa koplo mmoja, alikuwa amekaa juu ya sanduku lake akinyonyesha. Alikuwa ameahidiwa nyumba ya ghorofa ya juu, na kila siku alikuja kuitazama kwa chini.

"Mkongo," alimwita Laurent kwa Kiswahili cha askari, "nyumba yangu wewe nafunga mpaka mwaka gani? Mimi nachoka kulala kwa mabati na mtoto."

"Karibuni, mama."

"Hiyo karibuni yako mimi nazaa nayo mtoto wa pili."

Laurent alipanda ngazi, na alipofika koridoroni akasimama. Siling ilikuwa imeshafungwa, nyeupe, safi, toka mwanzo hadi mwisho. Matundu yote yalikuwa juu yake.

Jonan alikuwa anahesabu taa, peremende ikiwa mdomoni. "Laurent! Kazi yako wewe namaliza vizuri. Kesho wakubwa nakuja, jioni familia naingia."

"Jonan, ulimpa Déo povu."

"Gundi nakuwa kidogo. Povu nafunga, gundi nafunga. Wewe nataka nini?"

"Povu inawaka. Imewaka kwangu jikoni juzi. Ikiwaka huko juu ya siling, moto na moshi vinaingia mu nyumba ya kila muntu wakiwa wamelala."

Jonan alitoa peremende mdomoni, akaitazama, akairudisha. "Nani naona? Juu iko nyekundu, jina lako iko pale. Kama Injinia Norah nasikia, wewe nafukuzwa, mimi nafukuzwa, na hapa Mbarara hakuna mtu tena nachukua mkimbizi kwa hii kazi. Fungua ile mbovu, pole pole, bila kelele. Mimi sioni kitu."

Lilikuwa shauri la kuvutia, na Laurent alilifuata. Alileta ngazi, akashusha ubao wa kwanza wa siling, akaingiza kichwa. Gundi nyekundu, laini, nzuri. Alikata kwa kisu. Chini ya ngozi nyembamba ya gundi kulikuwa na njano. Akahamia lililofuata. Lilifanana na la kwanza kama mapacha. Akakata, na kisu kikaingia kwenye pamba ya mawe iliyoshindiliwa sawasawa. Lilikuwa lake, zima, na sasa amelichana bure. La tatu njano. La nne lake tena.

"Ulifuata njia gani?" alimuuliza Déo aliyeshika ngazi. "Ulianza upande huu?"

"Nilikuwa naenda fasi fundi umeme ametoka."

"Na alikuwa anatoka wapi?"

"Kila fasi, yaya."

Laurent alishuka, akakaa kwenye ngazi ya chini, vumbi la siling kichwani. Kama ni kukata ili ajue, kila alilokata lilikuwa limeharibika. Na asipokata, hajui. Aliwaza kumaliza koridoro hii na kuacha ile ya juu. Kisha akakumbuka sanduku la Natukunda litapandishwa wapi. Akatoa simu.

Norah alifika kabla ya chakula cha mchana, kofia ya njano kichwani, tochi mkononi. Ndiye aliyemfundisha Laurent kazi hii kwenye jengo lingine, akimfanya arudie tundu moja mpaka mikono ikachoka. Alipanda ngazi mwenyewe, akatazama yale manne, akashuka bila haraka.

"Nani amefanya?"

Déo alifungua mdomo. Laurent akamtangulia. "Jina ni langu, madamu. Mie sikuwepo, lakini nilimwachia gundi na vibandiko bila kumusimamia."

"Na makopo yanatoka wapi?"

Jonan alikuwa ameanza kutazama taa zake upya.

"Jonan, mimi na wewe tunaongea ofisini," Norah alisema. "Kuna povu nyingine imepimwa kwa moto. Hii hapana. Hii ni ya madirisha, na wewe najua." Kisha akamgeukia Laurent. "Fungua yote. Koridoro zote."

"Madamu, zangu ni nzuri. Umeziona."

"Naona. Zipi zako?"

Laurent alinyoosha mkono, akausimamisha hewani. Kando ya kila tundu kibandiko kilisema neno lile lile: Laurent, Laurent, Laurent, mpaka mwisho wa koridoro. Akaushusha mkono.

"Hata mimi sijui," Norah alisema. "Wewe nafungua yote, nafunga upya, mimi naangalia moja moja kabla ya siling. Vibandiko vya zamani toa. Huyu kijana hashiki gundi tena hapa. Uchafu yeye nabeba, kama wewe nataka. Wakubwa mimi naambia wasikuje."

Hakumfukuza, na Laurent hakujua ashukuru au alie. Kazi ya miezi ilikuwa imerudi kuwa matundu.

Habari ilifika uani kabla yake. Aliposhuka kuchukua ndoo, Natukunda alikuwa anafungua tena godoro lake kwa hasira, akivuta kamba kwa meno.

"Wewe ndiye nakataza sisi kuingia," alisema. "Nyumba iko tayari, mimi naona kwa macho yangu. Nyinyi watu mnapenda tu kazi isiishe."

"Mama, huko juu kuna kitu chenye kinawaka."

"Hata mabati nawaka. Mabati hata hainiambii karibuni."

Wanawake wengine wakacheka. Laurent alichukua ndoo zake akapanda. Angemweleza nini? Kwamba amechelewa ili asichomwe na kitu asichokiona, kilichowekwa na shemeji mwenye moyo mzuri?

Mchana wote alikata. Povu lilitoka kirahisi, vipande vyepesi vilivyojaza ndoo bila uzito, na kila kipande kilimwongezea hasira. Déo alibeba, akashusha, akapandisha ndoo tupu. Pamba ya mawe ilikuwa imewaingia wote wawili shingoni, na Déo alijikuna bila kulalamika.

Karibu na mwisho wa koridoro kisu kilikwama. Laurent alisukuma, akageuza, akasukuma tena. Gundi ilikuwa imeshika kwenye ukuta na kwenye kila waya, na pamba nyuma yake imebana kama imezaliwa humo. Alichukua patasi na nyundo. Jasho likamwingia machoni. Alitukana kwa Kifaransa, kisha kwa Kibembe, na tundu likaendelea kumkatalia.

Déo alisimama chini ya ngazi, kichwa juu.

"Hii ni yako, yaya," alisema polepole.

"Najua ni yangu," Laurent alisema, akapiga nyundo. "Leta ndoo."