Linki ya Shangazi

Jumatatu Shangazi angefanyiwa upasuaji wa koo, na daktari hakumficha: sauti huenda isirudi. Kwa hiyo webina yake ya Jumamosi, somo la mtandaoni la kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, haikuwa na siku nyingine. Binti wa kaka yake, mratibu wa chama cha wakunga, alilijua hilo na usingizi ulikuwa umempaa.

Fomu ya kujiandikisha aliitengeneza mwenyewe: jina, kituo, barua pepe, na swali moja kwa mwalimu. Wakajiandikisha wakunga hata wa vituo ambavyo gari hufika kwa kubahatisha. Shangazi aliyasoma maswali yote, akitania kwamba mengine yameulizwa na waliokuwa wakisinzia darasani kwake.

Alhamisi yakaja mazoezi ya mitambo, Shangazi akiwa nyumbani kwake, mratibu na fundi mitambo ofisini. Wakapima maikrofoni, wakamwomba asogeze kiti ili dirisha lisimtie giza usoni, wakapitia slaidi. Mambo shwari. Kisha fundi akasema, "Nitumie ile barua pepe ya ukumbusho watakayopata wakunga kesho, niingie kama mshiriki."

Mratibu aliona anapotezewa muda. Linki ni linki tu. Akatuma hata hivyo.

Fundi akabofya, Shangazi akatoweka kwenye skrini. Hapo hapo simu ikalia.

"Mwanangu, mmenifukuza?"

Shangazi aliporudi, fundi akatolewa. Fundi alipoingia tena, Shangazi akatoka. Na juu ya picha ya fundi pameandikwa jina la Shangazi.

"Umenakili linki kutoka barua pepe aliyotumiwa mwalimu," fundi alisema taratibu. "Hii ni yake peke yake. Kila atakayeibofya anaingia kwa jina la mwalimu na kumtoa yeye."

Mratibu aliifungua haraka ile barua ya ukumbusho. Ukumbusho ulishapangwa ujitume asubuhi, na wakunga wote wangesukumana kwenye mlango mmoja, mwalimu yuko nje. Akaifuta ile linki, mahali pake akaweka alama ambayo mfumo huigeuza kuwa linki ya pekee ya kila aliyejiandikisha, akaongeza: ingia mapema, usimpe mwingine linki yako. Wakajaribu tena. Safari hii Shangazi alibaki kitini, anacheka.

"Mungu akubariki, kaka," mratibu alimwambia fundi, na ilitoka moyoni.

Jumamosi Shangazi alifundisha kwa sauti ya kukwaruza ambayo haikukatika hata mara moja. Mwishoni mratibu akawafungulia maikrofoni waliotaka kushukuru. Mkunga mmoja wa kituo cha mbali alihema kama aliyekimbia.

"Mwalimu, niliitwa leba katikati ya somo. Mtoto alitoka kimya. Nikafanya ulivyoonyesha."

Akasogeza simu. Kilio chembamba, cha hasira, kikawafikia wote.

Shangazi alisikiliza mpaka kikatulia, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa Jumatatu waichukue tu sauti hii."