Kifungu cha Tatu

Nimechapa viapo kwa miaka kumi na nane katika ofisi ya Wakili Kimeu hapa Voi, ng'ambo ya mahakama, na huwa sisiti. Kitambulisho kilichopotea, cheti kilichoungua, baba aliyeandikwa kwa majina mawili: yote ni kazi tu. Nilisita siku moja, Jumanne, nilipochapa jina langu mwenyewe katika kiapo cha mtu mwingine.

Mteja alikuwa nesi, Loise Muasya, mwanamke wa rika langu, viatu vimepigwa rangi vizuri. Wakili alimsikiliza kwa muda mfupi, akaniachia maelezo, akashuka kortini.

"Mama Derrick, nisaidie haraka," Loise akaniambia, kwa jina ambalo wote hapa huniita. "Mwajiri anakagua vyeti vya kila mtu. Vyangu vina jina moja, kitambulisho kina lingine. Nisipopeleka afidaviti kabla ya Ijumaa, kazi imeisha."

"Usijali, sister. Leta vyeti nitoe nakala."

Cheti cha chini kabisa kilikuwa cha darasa la nane, mwaka wa tisini na saba, shule ya kule Bura. Jina: Wakesho Mwandawiro. Mwisho wa namba ya mtihani: sifuri kumi na saba.

Hiyo namba naijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Ni yangu, na jina hilo ni langu. Mwaka ule mama aliugua, baba akanitoa shuleni miezi miwili kabla ya mtihani nikamuuguze nyumbani Wusi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshatuma majina, na hakupenda kiti kikae kitupu. Mwaka jana nilirudi pale kuomba barua ya kuthibitisha nilisoma hapo, kwa sababu nataka kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne, mimi na umri wangu huu, mcheke mkitaka. Wakafungua daftari. Wakesho Mwandawiro alifaulu, akachukua cheti, akatia saini. "Kama si wewe uliyechukua," karani wa shule akaniuliza, "basi wewe ni nani?"

Sasa jibu lilikuwa limeketi mbele yangu, likipepea uso kwa bahasha.

Ningesema pale pale. Lakini siri ya mteja wa wakili haitoki, hata kupitia karani wake, na mshahara wangu ndio unaoniweka mjini. Nikachapa. Kiapo chenyewe huandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili kilisema hivi:

JAMHURI YA KENYA
KATIKA SUALA LA SHERIA YA VIAPO NA MATAMKO YA KISHERIA (SURA YA 15)
HATI YA KIAPO

Mimi, LOISE MUASYA, mkazi wa Voi katika Jamhuri ya Kenya, naapa na kusema kama ifuatavyo:

1. KWAMBA mimi ni mtu mzima wa kike, raia wa Kenya mwenye akili timamu, na nakala ya kitambulisho changu imeambatishwa na kutiwa alama "LM 1", hivyo nastahili kuapa kiapo hiki.

2. KWAMBA hapo awali nilijulikana kwa jina WAKESHO MWANDAWIRO, lililo katika vyeti vyangu vya masomo, ambavyo nakala zake zimeambatishwa na kutiwa alama "LM 2".

3. KWAMBA majina WAKESHO MWANDAWIRO na LOISE MUASYA ni ya mtu mmoja, naye ni mimi.

4. KWAMBA ninaliacha na kulikana kabisa jina WAKESHO MWANDAWIRO, na tangu leo nitajulikana kwa jina LOISE MUASYA pekee.

5. KWAMBA naapa kiapo hiki kuunga mkono hati yangu ya kubadili jina, ili isajiliwe na kutangazwa katika Gazeti la Serikali.

6. KWAMBA niliyoyasema humu ni kweli kwa kadiri ya ufahamu, taarifa na imani yangu.

IMEAPWA hapa VOI na aliyetajwa LOISE MUASYA, leo tarehe ........
Mwapaji ........
MBELE YANGU: Kamishna wa Viapo ........

Kifungu cha tatu nilikifuta mara mbili, nikakirudisha mara mbili. Loise akasoma, akasema kiko sawa. Wakili aliporudi akakipitia, akanituma nimpeleke Loise ng'ambo ya barabara kwa Wakili Kilonzo, Kamishna wa Viapo, maana anayeandaa kiapo haruhusiwi kukiapisha yeye mwenyewe.

Kilonzo alilinganisha uso na kitambulisho. "Unamjua huyu?" akaniuliza.

"Ni Loise Muasya," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Loise akatia saini, akashika Biblia kwa mkono wa kulia.

"Hili ni jina lako na huu ni mwandiko wako, na yaliyomo katika kiapo chako hiki ni kweli, Mungu akusaidie?" Kilonzo akamuuliza.

Nilimtazama. Nilitamani akwame, akohoe, aseme chochote.

"Naapa," akasema.

Kilonzo akagonga mhuri, akatia saini yake, kisha akagonga tena kwenye viambatisho, kimoja kimoja. Jina langu likawa limekanwa na mtu ambaye halikuwa lake.

Tuliposhuka ngazi Loise akaniuliza, "Mbona uliniangalia vile?"

"Sifuri kumi na saba," nikamwambia. "Ilikuwa namba yangu. Mimi ndiye Wakesho Mwandawiro."

Mama mmoja akatupita na mtoto mgongoni, tukampisha.

"Mwalimu aliniambia umekufa," Loise akasema. "Nilikuwa darasa la saba. Akasema, 'Wewe ni mwerevu, kaa kiti hiki, mwenyewe hatarudi.' Dada, nilikuwa nakuombea."

Hasira niliyokuwa nimeitunza tangu mwaka jana ilitafuta pa kushika ikakosa.

"Nina watoto watatu," akaendelea. "Polisi wakijua, nafungwa. Lakini wewe, ukijua yote haya, kwa nini hukusema pale juu?"

Akaenda zake na bahasha kifuani. Lile swali akaniachia mimi.

Nilibaki ofisini saa ya chakula. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: Mimi, WAKESHO MWANDAWIRO. Kifungu cha kwanza kilikuja chenyewe. Cha pili, kwamba mwaka wa tisini na saba sikufanya mtihani. Cha tatu, kwamba aliyeufanya ni mwingine. Kila neno la kunitoa mimi lilikuwa linamfungia yeye. Nikaandika cha nne, kwa sababu bila hicho kile cha mwisho, kinachosema yote ni kweli, kingekuwa uongo: KWAMBA kiapo cha Loise Muasya nilikichapa mimi mwenyewe, na nilijua si kweli. Hapo nikaona nilivyojifungia. Nikikifuta, mimi ni kama yeye. Nikikiacha, Wakili Kimeu atanifukuza kazi, na huenda polisi wakanihoji kabla yake.

Nilitembea chumbani, nikarudi, nikakaa. Nililia kidogo, si uongo. Halafu nikakichapisha kwenye karatasi.

Sikwenda kwa Kilonzo. Nilikwenda kwa kamishna mwingine karibu na stendi, mwanamke asiyenijua. Alisoma taratibu, akafika kifungu cha nne, akaniangalia juu ya miwani.

"Hiki unakielewa?"

"Nimekiandika mimi."

Akanipa Biblia. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Miaka yote nimewaona wengine wakiishika tu.

"Hili ni jina lako?" akaanza.

Hakumaliza, nilishajibu. Nikasema ni langu.