Mlango wa Tatu Hatuhami

Pale uwanja wa ndege, Mwantum alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mlango wa tatu, na nafasi hiyo hakumwachia mtu. Alasiri ile kulikuwa na kikao cha viwanja kwao Mkonze, Dodoma, na wakubwa wangefurahi sana kumkosa, maana ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka mipaka ya zamani.

Spika ikakoroma. Mtangazaji aliongea kama anayetafuna karanga ndani ya ndoo. Abiria wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu ileile wanayowaelewa nayo viongozi.

Wifi yake, Khairat, akarudi kutoka kwenye skrini. "Wifi, ndege yetu imehamishiwa mlango wa saba. Wanapandisha abiria sasa."

"Sihami."

"Wifi."

"Mara ya mwisho niliambiwa nihame kiwanja changu kwa muda tu. Mimba niliyokuwa nayo siku hizo sasa ina ndevu. Pasi yangu ya ndege imeandikwa mlango wa tatu."

"Pasi ilichapishwa asubuhi, skrini wanaibadilisha sasa hivi. Haya, kaa na haki yako. Kikao tutakusimulia."

Hilo likamchoma. Mwantum akaiendea skrini, akalinganisha namba ya ndege na ile ya kwenye pasi kama anayekagua mkataba wa mwizi. Ilikuwa ileile. Pembeni yake: Dodoma, mlango wa saba, mwito wa mwisho.

Akajifunga kanga, akakimbia. Wakaingia wa mwisho kabisa.

Alipokwisha kufunga mkanda, akacheka. "Wifi, leo ndiyo mara ya kwanza nahamishwa nikakuta nafasi yangu ipo. Kwenye kikao nitaomba waiajiri ile skrini."