Kipengele cha Tisa, Ukurasa wa Thelathini na Moja

Ofisini walimwita Senti, kwa kuwa alikuwa radhi kubishana nusu siku juu ya bei ya mfuko mmoja wa saruji. Alikuwa mkadiriaji wa gharama, mwaka wa kumi na moja sasa katika kampuni ile ya wahandisi washauri, na jina hilo alikuwa amelizoea. Mume wake alimtania kwamba hata kwenye sahani ya wali anahesabu punje.

Lakini Jumatatu ile hakuwa na la kuhesabu. Alikuwa ameketi mbele ya faili la mradi wa maji, na kila alipofungua ukurasa alikuta tarakimu isiyo na mama wala baba.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kupeleka maji kwenye mji ulio nyuma ya kilima. Kuna mto upande huu, mji upande ule, na kilima katikati. Wahandisi walikuwa wamechora handaki la karibu kilomita nne kupenya kilima, halafu bomba hadi kwenye matangi. Upembuzi yakinifu ulikuwa umekamilika, isipokuwa sura moja, ile inayoitwa msingi wa makadirio. Ndiyo sura inayomweleza mkopeshaji bei hizi zimetoka wapi, ni mambo gani yamedhaniwa tu, yapi yameachwa nje ya hesabu, ni akiba kiasi gani imewekwa kwa yasiyojulikana, na jumla nzima inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani. Bila sura hiyo, milioni themanini na nne za dola ni namba iliyoandikwa ukutani.

Aliyepaswa kuiandika alikuwa Mzee Rula, mkadiriaji mkuu, mwalimu wake Senti. Wiki mbili kabla, Mzee Rula alikuwa akifunga kamba za viatu asubuhi, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja.

"Kikao na benki ni Alhamisi," mkurugenzi alimwambia Senti, akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. "Akiba weka asilimia kumi. Usahihi weka kumi na tano chini, ishirini juu. Ndivyo benki inavyotaka kwa hatua hii. Jumla itatua kwenye tisini na mbili na ushei, na dari yao ni tisini na tano. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Bosi. Ila hiyo kumi imetoka wapi?"

"Imetoka kwangu."

Alipoondoka, Senti alirudi kwenye handaki. Peke yake lilikula milioni ishirini na moja, robo ya kazi yote. Bei ya kila mita ilikuwa imekopwa kutoka handaki jingine, la zamani, lililopita kwenye mwamba mzima usiohitaji kushikiliwa sana. Dhana ilikuwa kwamba na kilima hiki ni vivyo hivyo, sehemu nne kati ya tano. Ushahidi? Mashimo mawili ya uchunguzi. Akayatafuta kwenye ramani. Moja lilikuwa mdomoni mwa handaki upande wa mto, jingine mdomoni upande wa mji. Katikati, palipo na kilima chenyewe, hapakuwa na kitu.

Kesho yake alikwenda hospitali. Wodi ilinuka dawa ya kusugulia sakafu. Mke wa Mzee Rula alikuwa akimnyoa mumewe taratibu, kidevu kimeinuliwa kwa vidole viwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Muulize mambo ya kazi, labda atachangamka. Mimi ananikodolea macho tu."

Senti aliitandaza ramani juu ya shuka. "Mzee, mashimo haya. Yalikuwa mawili tu tangu mwanzo?"

"Hapana," alisema Mzee Rula. Lilikuwa ndilo neno lake la pekee. Alilitumia kuomba maji, kukataa uji, na kumwita mkewe. Kwa hiyo Senti hakujua aamini nini. Akampa kalamu katika mkono wa kushoto.

Mkono ule ulichora kama wa mtoto wa chekechea. Mzee alichora mstari uliojikunja, kilima. Akaweka nukta huku na nukta kule. Halafu, akihema, akaongeza nukta tatu juu ya mgongo wa kilima, na kila moja akaikata kwa mkwaju.

"Yalipangwa matano, matatu yakafutwa?"

Mzee alimbana kidole kwa nguvu.

"Nani aliyafuta? Bosi? Kuokoa gharama za uchunguzi?"

Akabana tena. Machozi yakaanza kumchuruzika pembeni mwa jicho moja, lile lililo hai. "Hapana," alisema. "Hapana, hapana." Mkewe akaweka wembe chini na kumfuta, kisha akamtazama Senti kwa macho ya kumwomba aende zake.

Mchana ule Senti alijifungia na kompyuta. Alifanya alichofundishwa na mzee yule: kila gharama yenye mashaka aliipa kiwango cha chini, cha kati na cha juu, handaki akaliachia nafasi ya kugharimu hadi mara mbili, kisha akaiacha mashine icheze bahati nasibu mara elfu kumi, kila mara ikichagua bei na kujumlisha. Jibu lilipotoka alilitazama kama mtu anayesoma majibu ya maabara. Ili mradi uwe na nafasi nusu kwa nusu tu ya kutovuka bajeti, akiba ilihitaji kuwa asilimia kumi na tisa. Jumla: milioni mia moja. Na hiyo mia nayo ingeweza kushuka kwa asilimia kumi na tano au kupanda kwa thelathini na mbili.

Mkurugenzi aliisoma rasimu yake akiwa wima. Hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Senti zaidi.

"Unajua watu wangapi wanakula kwenye kampuni hii?" aliuliza kwa upole. "Arobaini na mmoja. Mkopo usipopita, hakuna usanifu wa kina, na bila usanifu wa kina tunafunga milango. Sasa, wewe unaogopa mwamba mbovu. Sawa. Uweke kwenye orodha ya vilivyoachwa nje. Andika: gharama za kuimarisha handaki kwenye mwamba dhaifu hazikuhusishwa. Utakuwa umesema kweli, na hesabu itabaki safi."

"Bosi, tunachokiacha nje ni kile kitakacholipwa na mfuko mwingine. Fidia ya mashamba, serikali inalipa. Kodi, imesamehewa. Riba ya mkopo, benki ina hesabu yake. Mwamba mbovu atalipa nani?"

"Andika."

Jioni alimpigia dada yake. Dada mkubwa alikuwa mkunga katika mji uleule ulio nyuma ya kilima, ambako bomba lilitoa maji mara moja kwa siku tisa.

"Hebu nikuambie, mdogo wangu," dada alisema aliposikia yote. "Leo nimezalisha watatu. Wa tatu nimemnawisha mama yake kwa maji ya dumu ambayo mumewe alibeba mgongoni. Wiki iliyopita tumempoteza mmoja kwa maambukizi. Wewe unanieleza asilimia. Wakishaanza kuchimba, hakuna serikali itakayoacha shimo katikati. Pesa zitapatikana. Tia sahihi."

"Na zisipopatikana?"

"Tia sahihi, nakusihi. Kwa jina la mama yetu."

Alitia sahihi. Jumatano asubuhi, kwa kalamu ya ofisi, jina lake likakaa chini ya maneno "Imeandaliwa na". Mwamba dhaifu ukawa kipengele cha tisa, ukurasa wa thelathini na moja, katikati ya kodi na samani za ofisi za mwenye mradi.

Alhamisi walikaa kwenye meza ndefu. Benki ilimleta mkaguzi mmoja, mwanamke mfupi wa makamo aliyeshusha miwani hadi ncha ya pua. Alifungua sura ya akiba, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akafungua usahihi, akaweka alama ya vema. Akauliza tarehe ya bei, akauliza kiwango cha kubadilishia fedha, akauliza bei ngapi zimetoka kwa wauzaji na ngapi kwa miradi ya zamani. Mkurugenzi alijibu kama maji yanayoteremka. Orodha ya vilivyoachwa nje mkaguzi aliipitia kwa kidole, na kidole kikashuka hadi chini bila kusimama.

"Mimi sina zaidi," alisema. "Labda aliyeandaa ana la kuongeza?"

Lilikuwa swali la adabu tu. Mtu anajibu sina, watu wanapeana mikono. Senti aliona mkono wa mkurugenzi ukianza kufunga faili. Akamwona dada yake na dumu. Akamwona mzee akikata nukta tatu kwa mkono usio wake.

"Kipengele cha tisa," alisema. "Tafadhali kisome tena. Kisha uangalie mashimo ya uchunguzi yalichimbwa wapi."

Mkaguzi alisoma, akafungua ramani, akapandisha miwani. "Katikati ya kilima hakuna shimo hata moja?"

"Hakuna."

"Na hii kumi imetokana na uchambuzi gani?"

Mkurugenzi alianza kupekua faili.

"Uchambuzi upo," Senti alisema. "Unasema kumi na tisa."

Mkaguzi aliivua miwani, akajisugua macho. "Ungenipa hiyo," alisema kwa uchovu, "tungebishana. Sasa ninalo jina lako chini ya kitu ambacho wewe mwenyewe hukiamini. Nitalifanya nini?"

Mkopo ulisimamishwa. Benki ilitoa fedha za kuchimba yale mashimo matatu, kazi wakapewa wahandisi wengine. Siku ileile Senti alikuta vitu vyake vimewekwa kwenye katoni kabla ya saa nane mchana, na wenzake waliokuwa wakimtania kila siku hawakuinua macho. Miezi minne baadaye kampuni ilifunga milango, kama alivyosema Bosi. Mzee Rula alifariki bila kupata neno la pili. Dada yake Senti akawa hapokei simu zake.

Miezi minane baada ya kikao habari zilitoka: shimo la katikati lilitoa mawe yaliyosagika kama makapi, na maji ndani yake. Makadirio mapya yalikuwa milioni mia na kumi na saba. Benki ikasema haiwezi, serikali ikasema itatafuta.

Siku hiyo dada ndiye aliyepiga.

"Nijibu jambo moja tu," alisema bila salamu. "Mngeanza kuchimba kwa zile pesa. Mngefika wapi?"

Senti alikuwa jikoni, mume wake akiwa ameinama kwenye magazeti akitafuta nafasi za kazi. Alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa hata sasa hakuweza kusema namba bila kuwa na msingi wake.

"Nusu ya kilima. Labda chini ya hapo."

"Halafu?"

"Halafu basi. Na deni mngelilipa nyinyi, kwenye bili za maji yasiyokuja."

Nyuma ya dada mtu alikuwa akilia kwa uchungu wa kuzaa, na ndoo ikaburutwa sakafuni.

"Bado sijakusamehe," alisema. "Nina mzazi hapa, hebu nimwangalie. Nitakupigia."

Simu ikakatika. Senti aliishika mkononi muda mrefu, asijue kama anaweza kulihesabu hilo kuwa ni ahadi.