Sharti la Nne

Barua ile niliiandika mimi, na sitamsingizia mtu. Naitwa Sabra, karani wa ofisi inayosimamia fremu za biashara hapa Tanga, na kila barua anayosaini Bwana Sadalla, bosi wangu, hupita kwanza mikononi mwangu. Hii ya Fundi Idarusi niliinakili kutoka barua ya zamani ya mpangaji mwingine, nikabadilisha majina na namba ya fremu, nikaenda zangu kunywa chai.

Ilikuwa barua ya kibali cha kuhamisha mkataba wa upangaji. Fundi Idarusi, aliyeshona nguo Barabara ya Kumi na Tano kwa miaka thelathini na mmoja, aliruhusiwa kumwachia fremu Consolata, aliyetaka kufungua duka la dawa, kwa miaka miwili iliyobaki kwenye mkataba. Mpangaji anayetoka aliwekewa masharti matano. Kodi iwe imelipwa hadi mwisho wa mwezi. Bili ya maji ifungwe. Makabati yang'olewe na matundu ya ukutani yazibwe. La nne, fremu ikabidhiwe tupu, bila mali ya mtu mwingine yeyote ndani, naye atie saini tamko la kuthibitisha hivyo. La tano, hati ya uhamisho isainiwe mbele ya wakili ndani ya siku kumi na nne. Likikosekana moja, kibali kinakufa.

Nilimpelekea mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba nimsomee kwa kuwa macho yake hayakuona tena maandishi. Hata uzi kwenye sindano alikuwa akitungiwa na wapita njia. Binti yake alimsubiri Maramba akapumzike, na kibali kikifa, yule mzee angebaki na mkataba wa miaka miwili wa kazi asiyoiweza. Consolata naye asingemngoja. Mkaguzi wa maduka ya dawa alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, na Consolata alishaonyeshwa fremu nyingine Pongwe.

Nilipofika sharti la nne aliniomba nirudie. Nikarudia. Akanyoosha kidole juu, kwenye bomba lililopita ukuta hadi ukuta, limejaa nguo ndani ya mifuko, kila moja na kikaratasi cha jina na namba ya simu kilichobanwa kwa pini.

"Hizi si zangu," alisema.

Zilikuwa thelathini na saba. Nguo za watu walioshonesha na hawakurudi kuchukua. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia azipeleke msikitini zigawiwe maskini, mambo yaishe. Alinigeukia na yale macho yake yenye ukungu.

"Mwanangu, sadaka hutoka kwenye mali yako. Ukiitoa kwenye mali ya mwenzio, huo ni wizi wenye tasbihi."

Nilikasirika, sifichi. Nilitoka pale nikimsema moyoni kwamba wazee wengine hutafuta mwiba wajichome. Lakini kesho yake nilirudi na simu yangu, kwa sababu barua ilikuwa ya mkono wangu na usingizi ulikuwa umenikimbia.

Nikawa nikitoka kazini napita kwake. Mimi nasoma kikaratasi, yeye anakumbuka mtu. Sare ya darasa la tatu ilichukuliwa na mwenyewe, sasa mwalimu mwenye ndevu, akacheka mpaka akakaa chini. Gauni moja lilichukuliwa na mjane ambaye hakucheka kabisa. Kanzu za marehemu tuliwapa warithi wao. Bomba likaanza kuonekana. Nikaanza kujisifu kidogo, nikaona kazi imekwisha.

Siku ya kumi na mbili ikabaki moja. Suti ya kijivu ya Manase, kijana wa kijiji cha Amani, aliyeishonesha ya harusi miaka sita nyuma na kuilipia yote. Namba yake ilikuwa imekufa. Nilimpata kwa simu mzee wa kanisa wa huko, akaniambia Manase aliondoka siku moja kabla ya harusi na hakuonekana tena. Mama yake alishazikwa, ndugu hana, na bibi harusi aliolewa na mwingine zamani.

Nikamwambia fundi basi aende nayo Maramba. Akakataa. Alishamwambia kijana kwa kinywa chake kwamba siku yoyote atakayorudi ataikuta mjini Tanga, na Maramba nani atamjua wa kumuuliza? Jirani yake, Shekhe muuza misumari, alisema hapokei mali ya mtu asiyeonekana. Consolata alikuwa radhi kuihifadhi, lakini asingeweza kukabidhiwa fremu yenye suti ya mtu ndani.

Nilikwenda kwa Bwana Sadalla nikamwomba tulifute sharti la nne. Hakunifokea. Alinieleza tu kwamba mpangaji mmoja aliwahi kuacha friji ya watu ndani, mwenye friji akamshtaki mwenye nyumba, na kesi ikala miaka mitatu. Sharti litabaki. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku ya kumi na nne asubuhi nilitumwa kukagua. Makabati yalishang'olewa, ukuta umezibwa na kupakwa chokaa, risiti ya maji ipo. Consolata alisimama barazani na bahasha yake. Wakili angetungoja saa sita mchana. Ndani hakikubaki kitu ila mzee kwenye kigoda na suti msumarini.

Nilimwekea tamko mapajani, nikampa kalamu. Hakuishika.

"Mzee wangu, itoe nje hatua moja tu," nikamwambia. "Nitaandika kwamba sikuiona."

"Nje ni kwa nani?"

Nilimwona ameng'ang'ania kigoda, nikaelewa kwamba alikuwa anaogopa, na kwamba pamoja na hofu yake hatasaini. Nikasikia sauti yangu ikisema nipe mimi. Wallahi sikupanga.

Hakunipa. Alisema nichukue karatasi, kwanza niandike. Akanitamkia polepole, kama mimi nilivyomsomea yeye. Sabra anaruhusiwa kupokea suti ya Manase. Asiiuze wala asiivalishe mtu. Aianike kila mwezi isiliwe na nondo. Abandike namba yake ya simu kwenye mlango wa duka la dawa, Manase akija ajue pa kwenda. Na siku Sabra akiondoka Tanga, atafute kwanza mtu wa kumwachia, na mtu huyo asomewe masharti haya yote.

"Malizia kama ulivyomalizia yako," aliniambia. "Likikosekana moja, kibali kinakufa."

Nilisaini. Ndipo aliposhika kalamu na kusaini tamko, mahali nilipomwekea kidole changu. Saa sita tulikuwa kwa wakili, hati ikasainiwa, na jioni Consolata akaingiza rafu zake. Nilitembea hadi nyumbani na suti mkononi, nikiona haya bila kujua nina haya ya nini.

Mzee Idarusi alifariki mwezi wa tatu, huko Maramba. Wiki iliyopita Bwana Sadalla aliniita akanipa barua ya kuhamia ofisi ya Dar es Salaam, cheo kipya, kitu nilichokiomba kwa miaka mitano. Nimemwendea dada yangu, nimemwendea Consolata, ambaye sasa anawaogopa wakaguzi wake, nimemrudia hata Shekhe. Wote wamenisikiliza mpaka kwenye masharti, kisha wamecheka. Dada yangu aliniambia mzee amekufa, kijana hajulikani, nani atanidai?

Jana niliianika suti uani. Nikakaa kwenye kigoda nikiitazama, nikawaza kuiacha msikitini usiku na kuondoka, nikauona ule ukungu wa macho yake. Leo asubuhi nimemrudishia Bwana Sadalla barua yake bila saini. Nimemwomba anipe siku kumi na nne.