Swali Asiloulizwa Mzee Mazengo

Mzee Mazengo alizipenda slaidi zake kama mtu anavyopenda watoto wa uzeeni. Yeye ndiye mkuu wa utumishi wa Benki ya Tambarare, tawi la Dodoma, na kila walipoajiriwa watu wapya aliwafungia ukumbini, akashusha mapazia, akaanza kuwasomea ukutani neno kwa neno. Historia ya benki, dira ya benki, chati ya uongozi iliyojaa mishale. Mwisho anauliza, "Kuna swali?" Nani akuulize, babu we? Wageni wanatazama viatu vyao, yeye anakunja uso, anazima projekta. Basi, mafunzo yamekwisha.

Maswali yalikuwepo, tena tele, ila hayakwenda kwake. Yalikwenda kwa Sabiha, afisa utumishi mdogo wake, mara tu mlango wa ukumbi ulipofunguliwa. Dada Sabiha, Ijumaa naruhusiwa kwenda kuswali? Dada Sabiha, nikiugua nampigia nani? Kumwuliza mkubwa mbele za watu ni kama kumwambia hakueleza vizuri, na hapo mjini kwetu hakuna mgeni wa kazi aliye tayari kuanza na balaa hilo. Kwa hiyo Sabiha alikuwa anajibu koridoni, msalani, hata sokoni Majengo akiwa na kikapu chake cha nyanya.

Mwaka ule wa 2004 makao makuu waliagiza slaidi zigeuzwe. Kompyuta zilikwisha kuunganishwa kwa mtandao wa ndani, wakataka ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, mwajiriwa mpya ajisomee mwenyewe bila kungoja mafunzo. Mzee Mazengo akaifanya kazi hiyo asubuhi moja tu. Alichukua kila kichwa cha slaidi akakitia alama ya kuuliza. Dira ya benki ni ipi? Mkurugenzi wa kwanza alikuwa nani? Sabiha aliposoma alicheka peke yake, kisha akakasirika.

"Mzee, shikamoo," alimwendea. "Haya hakuna anayeyauliza."

"Marahaba. Na wewe umetumwa na nani kuyasahihisha?"

Hakutumwa na mtu. Lakini alikaa akaandika wa kwake, akianzia kwenye maswali ya koridoni. Swali moja, jibu moja, jibu lenyewe likitangulia na maelezo yakifuata, na chini yake jina la wa kumwona. Dira na historia akaziacha kwenye slaidi za mzee. Na hapo ndipo alipogundua jambo lililomkosesha raha: slaidi zilikuwa nusu tu ya mafunzo. Nusu nyingine ilikaa mdomoni mwa Mzee Mazengo. Slaidi ya utoro ilisema, "Kutokuwapo kazini: ruhusa ya maandishi kutoka Utumishi." Basi. Siku akiwa na nafasi, mzee aliongeza kwa mdomo habari za misiba. Siku akiwa na haraka, aliruka.

Siku ya mafunzo ya kina Lea aliruka.

Lea alikuwa karani wa dirishani, bado yumo kwenye miezi ya majaribio. Baba yake alifariki kijijini Busi, na habari zilimkuta kazini. Akamwambia Wambura, kiongozi wake wa zamu, akapanda basi la Kondoa akilia. Aliporudi kutoka kuzika alikuta Mzee Mazengo amekwisha kumwandikia meneja kwamba huyu ni mtoro, asithibitishwe kazini. Meneja angetoa uamuzi Ijumaa. Lea ndiye aliyekuwa akiwalisha mama na wadogo zake sasa, na kila mtu pale benki alijua, Mazengo akiwamo.

Sabiha alimwuliza Wambura kwa nini hasemi kitu.

"Dada, na mimi nina watoto," alijibu Wambura, akaendelea kuhesabu mihuri yake. Sabiha alimdharau siku hiyo, na hakuficha.

Kwenye rasimu yake akaandika: "Nikifiwa ghafla, namwambia nani?" Jibu akaliacha wazi, kwani halikuandikwa popote, na kila jibu la utumishi lilitakiwa lithibitishwe na mkuu wa utumishi mwenyewe. Akampelekea. Rasimu ilirudi imepigwa mstari mwekundu ukurasa mzima.

Alhamisi meneja, Bwana Methusela, akawaita wote ukumbini, pamoja na wale wapya, wausome ukurasa kabla haujapandishwa mtandaoni. Lea alikaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Mzee Mazengo hakungoja kukaribishwa. "Bwana Meneja, huyu binti ametunga. Miaka sita nafundisha, sijaulizwa swali hata moja. Hayo ya mara kwa mara ameyatoa wapi? Anataka nionekane sifanyi kazi." Akawageukia wapya. "Haya, semeni. Nani kati yenu aliuliza maswali haya?"

Emilia, aliyeuliza habari za likizo ya uzazi juzi tu huku ameshika tumbo, alitazama dari. Yule kijana wa mikopo aliyeuliza habari za Ijumaa alianza kukuna shingo. Sabiha aliwatazama mmoja mmoja, uso ukimwaka moto. Wamemwacha! Hawa hawa aliowajibu mpaka sokoni!

"Umeona, Bwana Meneja?" Mazengo alitabasamu. "Uwongo mtupu."

Sabiha alizimeza hasira zake. Kugombana kungemnufaisha mzee tu. Akavuta kibodi, akaliweka swali la msiba ukutani, herufi kubwa.

"Sawa, mzee, nimetunga. Basi nisaidie jibu, nisije nikatunga na hilo. Mtu akifiwa ghafla, anamwambia nani?"

"Hilo nalo ni swali?" Mazengo alifoka. "Msiba unangoja barua? Anamwambia kiongozi wake wa zamu, anakwenda kuzika! Karatasi atajaza akirudi. Nimelisema humu ukumbini mara ngapi! Hata mtoto wa chekechea analijua!"

Sabiha alikuwa anapiga chapa mzee anaposema. Maneno yalitokea ukutani moja baada ya jingine, mzee akiyatazama.

"Niandike hivyo hivyo, mzee?"

"Andika! Kwani unaniogopesha?"

"Na jina la aliyethibitisha?"

"Mazengo! Andika Mazengo!"

Ndipo Lea alipoinuka kule nyuma. "Ndivyo nilivyofanya, mzee. Nilimwambia Kaka Wambura. Na fomu nilijaza siku niliyorudi."

Ulimi uliponza kichwa. Bwana Methusela alilisoma jibu lile ukutani, akamgeukia Wambura. "Alikwambia?"

Wambura alisimama polepole. "Aliniambia, Bwana Meneja. Na mimi nilimruhusu."

"Na Mzee Mazengo alikuuliza?"

"Hakuniuliza."

Meneja alikunja ile barua ya kumkataa Lea akaitia mfukoni. "Ukurasa upandishwe leo," alisema. "Lea, Jumatatu njoo uchukue barua yako ya kuthibitishwa." Akatoka. Lea alikaa chini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamcheza. Sasa wale wapya wote wakamzunguka kwa pole nyingi, na Sabiha hakuwa na hamu ya kumtazama hata mmoja wao.

Mzee Mazengo alibaki amesimama mbele yake, akihema. "Umenitega," alisema kwa sauti ya chini. "Binti mdogo kama wewe, umenitega mbele za watu. Hutakaa Utumishi hii ukawa na raha mradi nipo."

Sabiha alijua hatanii. Alibonyeza kitufe cha kuhifadhi, ukurasa ukapanda.

"Sikukutega, mzee," alisema. "Nimekuuliza."