Saba Waliopotea kwenye Ikisiri

Ofisini walimwita Bi Nukta, maana koma ikikaa vibaya yeye hapati usingizi. Alikuwa mfasiri. Wiki ile alipewa ikisiri arobaini, yaani muhtasari wa tafiti, za kongamano la afya la kanda, kila moja na maneno yake muhimu, zote ziingie kwenye kijitabu cha programu kwa Kiswahili na Kiingereza. Ya thelathini na moja ilikuja kwa Kifaransa.

Ilihusu wanawake mia mbili na kumi na wawili waliopata shinikizo la damu wakiwa wajawazito, wakafuatiliwa mwaka mzima baada ya kujifungua. Alitafsiri vizuri tu mpaka kwenye matokeo: washiriki saba walipotea katika ufuatiliaji, yaani hawakupatikana tena, na hakuna kifo kilichoripotiwa.

Akaacha kuandika. Kliniki aliijua, mwaka aliujua. Mdogo wake alikuwa mmoja wa wale wanawake, na kadi yake ya utafiti anayo mpaka leo: namba themanini na nane.

Kupotea! Jamani, mdogo wake hakupotea popote. Alifariki mwezi wa nane baada ya kujifungua, nyumbani, mtoto kampakata. Na kliniki walipiga simu, tena walipiga wee, wiki tatu. Simu ya marehemu alikuwa nayo Bi Nukta. Kila akiiona namba ya kliniki roho inamruka, hakupokea hata mara moja, mwisho akaizima kabisa. Aliyempoteza ni yeye.

Mratibu wa programu akachungulia mlangoni. "Dada, mtambo wa uchapaji unatusubiri sisi tu. Bado nini?"

"Nina swali kwa mtafiti."

"La koma tena?"

"La mtu."

Mratibu aliacha kucheka, akavuta kiti akaketi.

Bi Nukta angeweza kubadilisha mwenyewe, nani angejua? Lakini mfasiri haongezi neno ambalo mwandishi hakulisema. Basi akamwandikia mtafiti namba ya kadi na tarehe, akaambatisha cheti cha kifo, akamalizia: "Simu zenu nilikuwa naziona. Niliogopa kusema. Nisamehe."

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana. Mtafiti alikuwa ameikagua orodha yake, akakuta ni kweli. "Pole sana, dada," aliandika. "Ningesimama mbele ya watu niwaambie hakuna aliyekufa. Kamati ya maadili ya utafiti nimeiarifu, na hitimisho nimelibadilisha." Ikisiri mpya ilisema sita walipotea, mmoja alifariki. Kwenye maneno muhimu aliongeza moja: vifo.

Kiingereza Bi Nukta alikimaliza chapuchapu. Kwenye Kiswahili akakwama. Tangu mazishi, watu wakimuulizia mdogo wake, alikuwa akijibu "hayupo" na kugeuza mazungumzo. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka, hata kwa yule mtoto.

Akaandika: mmoja alifariki. Akalisoma kwa sauti, kama anavyosoma kila tafsiri kabla ya kuituma, na hapo ndipo akalia, mara ya kwanza tangu wamzike.